Sabufa ya Afande Okeny

Baba yangu aligombana na televisheni mwaka mzima. Jioni ikifika anavuta kiti chake karibu, anainamisha kichwa, halafu anaanza: "Msichana huyu anatafuna maneno! Wanawalipa ya nini hawa? Zamani mtu akisoma habari, hata aliye jikoni anamsikia."

"Baba, anasoma vizuri."

"Anasoma vizuri kwako wewe, mwenye haraka."

Mimi ndiye Aol, binti yake, muuza viazi hapa Kalerwe, na ni kweli nina haraka. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu sokoni anajua. Lakini kwa jambo hili sikuwa na pa kuzitupa hasira hizo. Masikio ya Baba yalikuwa yanakwenda. Miaka yote ya polisi alikuwa mwalimu wa shabaha, bunduki zikilia kando ya kichwa chake asubuhi mpaka mchana, na siku hizo nani alivaa kitu masikioni? Nilimwomba twende hospitali apimwe. Nilimwomba kwa upole, kisha kwa kelele, kisha Mama akamwomba. Jibu lilikuwa moja: "Mimi si mgonjwa. Televisheni za siku hizi ni nyembamba, spika zake ziko mgongoni zinauongelesha ukuta."

Na hapo, banange, hakukosea! Ndivyo zilivyo. Kwa hiyo hata ubishi wake ulikuwa na kaukweli ndani, na kaukweli kale ndiko kalikotuponza.

Ingekuwa ni habari za kusikiliza peke yake nisingehangaika. Lakini Baba hasikilizi peke yake. Tulipokuwa katika kambi ya polisi, televisheni ilikuwa moja kwa jengo zima, na taarifa ya Kiingereza wake wa maaskari hawakuielewa. Walikuwa watu wa kila pembe: Waacholi, Wanubi kama Mama, Wateso, watu wa Nile Magharibi. Baba akawa anasimama kando ya kioo anawafasiria kwa Kiswahili, neno baada ya neno. Alipostaafu tukahamia huku nyuma ya soko, desturi ikahama naye. Majirani wanakuja, wanavua viatu mlangoni, wanakaa. Siku hizi kila mmoja angeweza kutazama habari kwa lugha yake kwenye simu yake. Hawataki. Wanataka Afande Okeny awaambie dunia imefanya nini leo. Ukimwondolea kazi ile, umembakiza mzee wa kuota jua.

Basi jioni moja televisheni ikaonyesha kiwanda cha sukari kinaungua, moshi umetanda. Baba akatazama, akatangaza: "Kiwanda kimefunguliwa upya, bei ya sukari itashuka."

Mzee Dawudi, jirani yetu, aliwahi kuwa dereva wa malori mpaka Mombasa na Kiingereza cha kuombea maji anacho. Akacheka. "Afande! Moto huo! Sikio la kufa halisikii dawa!"

Alisema kwa utani tu, kama watu wanavyosema. Lakini Baba alizima televisheni, akaingia chumbani, na jioni iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu. Iliyofuata tena hivyo hivyo. Majirani walikuja, wakakaa, wakatazamana, wakaondoka. Mama hakula.

Hapo ndipo kaka yangu Akram akasema ataleta dawa.

Niwaeleze kwamba kwetu jina Akram alilitoa Mama, langu alilitoa Baba, na kila mmoja wetu amechukua kichwa cha aliyempa jina. Akram anafanya kazi baa moja ya Kabalagala, anashughulika na muziki. Kwake sauti nzuri ni ile inayokutikisa figo. Na watu wetu, ukiwaambia spika, wanaita kila kitu sabufa, hata kama sanduku la besi ni moja tu kati ya vyote. Kwa hiyo mtu akienda kununua sauti ananunua sanduku kubwa, hayo mengine ni mapambo. Akram akaja na saundiba ya chaneli mbili nukta moja: ubao mrefu wa spika wenye kushoto na kulia, na ile nukta moja ni sabufa yenyewe, jitu la inchi kumi. Akalisukuma mpaka pembeni kabisa, kwenye kona ya kuta, karibu na kiti cha Baba.

"Akram," nikamwambia, "sebule hii ni mita nne kwa tatu na nusu. Unaleta kitu cha harusi?"

"Ngoja usikie, dada. Usiseme kitu."

Taarifa ikaanza. Ngoma ya ufunguzi ilipopiga, vikombe vya Mama vikaanza kugongana kabatini na zile kawa zake za kusuka, alizozitundika ukutani, zikacheza kwenye misumari. Bushira wa nyumba ya pili akagonga ukuta. Mtangazaji alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mimi mwenye masikio mazima nilipata neno moja katika matano.

Lakini Baba alikuja. Alitoka chumbani mwenyewe, akavua ndara, akakaa kwenye kiti chake. Akatabasamu. "Enhee! Sasa hii ndiyo sauti. Akram, Mungu akubariki."

Na akafasiri. Alikosea sana, lakini alifasiri kwa raha, ananyamaza pale msomaji anaponyamaza, anaanza tena pale anapoanza. Dawudi alikaza uso mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake.

Mimi nilikasirika. Nilimwona Akram ameleta kelele badala ya maneno, na Baba anadanganywa na kelele. Huyu anahitaji kusikia watu wanavyosema! Nikalifunga lile jitu kwenye boksi lake, nikalipeleka kwa bodaboda mpaka duka la Yasiin, kule mjini, juu ya Kikuubo, kwa vile ndiko Akram alikolichukua.

Yasiin ni kijana wa ndevu fupi, ana maneno mengi, lakini si mwongo. Nikamwambia nataka kubadilisha.

"Limeharibika, nyabo?"

"Ni zima kabisa. Hilo ndilo tatizo lake."

Akacheka. "Sebule yako ikoje?"

Nikamweleza. Sofa limegusa ukuta wa nyuma, kiti cha Baba kando, televisheni juu ya meza, ukuta mmoja tunashirikiana na jirani, dari hatuna, ni mabati na mbao tu.

"Basi zile za kwenda juu zisahau," akasema, akionyesha saundiba moja ndefu ya bei ya kutisha. "Unaona imeandikwa tano nukta moja nukta mbili? Hizo mbili za mwisho zinapiga sauti juu igonge dari irudi chini kama mvua. Mabati yaliyoinama yatairushia wapi? Na hii tano nukta moja tupu ina spika mbili za nyuma. Sofa likigusa ukuta, hizo za nyuma zitakukaa masikioni moja kwa moja. Utasikia mlio wa nyuma kuliko mtu anayesema mbele."

"Nataka maneno, Yasiin. Sitaki mvua."

"Maneno ni ya katikati." Akawasha saundiba mbili juu ya meza moja, akaweka taarifa ya habari ile ile. "Hii ni mbili nukta moja kama yenu. Msomaji hana spika yake, kushoto na kulia wanamgawana, na muziki unapita hapo hapo. Sasa hii ni tatu nukta moja. Ina spika ya katikati, ya mazungumzo tu. Sikiliza."

Nikasikia. Wallahi, nilisikia mate ya mtangazaji. Kila neno lilisimama peke yake.

"Na sabufa yake?"

"Ya inchi sita na nusu. Kwa chumba chako inatosha na kubaki. Usiiweke kwenye kona, kona inaongeza besi. Iache mbele, mbali kidogo na ukuta, uipunguze. Ubao usiuingize ndani ya kabati, uweke wazi mbele ya televisheni. Kuna kitufe cha sauti za watu, kibonyeze." Halafu akanitazama. "Msikilizaji ni nani?"

"Baba. Masikio yamechoka."

Yasiin akaacha kuchezea rimoti. "Nyabo, mimi nauza spika. Spika inaileta sauti mpaka mlangoni mwa sikio. Kuanzia hapo ni kazi ya daktari."

"Daktari hamtaki."

"Pole," akasema, na akanifungia ile tatu nukta moja.

Niliifunga mwenyewe nyumbani, kwa waya mmoja mpaka kwenye televisheni, nikaiambia televisheni inyamaze, sauti yote ipite kwenye ubao. Sabufa nikaiweka upande wa mbele, juu ya mkeka, nikaipunguza mpaka chini kabisa. Kitufe cha sauti za watu nikakibonyeza. Nilijivuna, siwezi kukataa. Mama aliposikia msomaji anasema "Kalerwe" safi kabisa, alipiga kigelegele.

Baba alikaa. Akasikiliza. Akainama mbele, akarudi nyuma. Akasugua nyayo zake sakafuni, huku na huku, kama mtu anayetafuta ndara.

"Ile ya Akram ilikuwa na nguvu," akasema.

"Baba, ile ilikuwa kelele. Hii ni maneno."

"Haya, mwanangu."

Msomaji akasema, kwa Kiingereza kilichosimama kama mlingoti, kwamba walimu wamegoma na shule hazitafunguliwa Jumatatu. Kila neno lilifika kila kona ya sebule. Baba akaona walimu kwenye kioo wameinua mikono, akasema: "Walimu wameongezewa mshahara. Wanashangilia."

Dawudi alitazama vidole vyake. Hata Bushira, ambaye Kiingereza chake ni cha kwenye risiti, aligeuka akanitazama. Kwenye kelele za Akram hakuna aliyejua Baba anakosea wapi. Mimi nilikuwa nimekwenda mpaka mjini kutafuta chombo cha kumwanika baba yangu mbele ya watu, kosa moja moja, kwa sauti safi.

Nilitaka kulia. Nilitaka kumpigia mtu kelele, lakini nani? Nilimsogelea Baba baadaye nikasema, "Twende hospitali, Baba, siku moja tu." Akasema, "Televisheni imetengenezwa, sasa hospitali ya nini?" Nikatoka nje nikakaa juu ya gunia la viazi.

Jioni zikaendelea hivyo. Majirani hawakucheka, na kutocheka kwao kulikuwa kubaya kuliko kucheka. Walikuwa wanasikia habari mbili kwa wakati mmoja, ya msomaji na ya Baba, wakiitikia "ndiyo, Afande" kwenye ile isiyo ya kweli. Mwana wa Bushira anasoma shule; mama yake alimbakiza nyumbani Jumatatu ile bila kusema kitu kwa mtu.

Halafu ikaja siku ya Akram. Alikuja mchana kula kwa Mama, akaniambia kachombo kangu ni ka kuchezea watoto, na ili kunithibitishia akaunganisha simu yake kwa bluetooth akapiga muziki. "Sikia! Besi iko wapi? Aol, umenunua redio ya mkulima!" Tukabishana mpaka akaondoka na simu yake, amenuna, nami nikarudi sokoni nimenuna.

Nilifunga biashara giza likiingia. Nilipofika mlangoni niliona viatu vimejipanga, nikajua taarifa imeanza. Nikasikia sauti ya Baba: "Rais wa nchi jirani amefika. Amepokelewa na waziri. Watazungumza mambo ya barabara."

Nikasimama. Nilikuwa nasikia sauti ya Baba tu.

Nikaingia. Msomaji alikuwa kwenye kioo, midomo inakwenda. Chini yake, kwenye ubao, kataa kadogo ka bluu kalikuwa kanawaka. Saundiba ilikuwa bado inangoja simu ya Akram. Televisheni niliinyamazisha mwenyewe tangu siku ya kwanza. Chumba kilikuwa kimya kama msikiti baada ya watu kutoka, na katika kimya kile Baba alikuwa amekaa wima, mkono juu ya goti, anafasiri.

"Sasa anasema habari za bwawa. Maji yamejaa. Watu wa chini wahame."

Dawudi alikuwa ameinama, macho kwenye mkeka. Bushira alikuwa ameuma pembe ya shuka yake. Mama alinitazama. Rimoti ya saundiba ilikuwa juu ya meza, mbele yangu kabisa, kitufe kimoja tu. Nikanyoosha mkono. Mama akatikisa kichwa, kidogo sana.

Ningebonyeza, sauti ingelipuka katikati ya sentensi yake, na hata yeye angeona sura zetu akajua. Nikaurudisha mkono. Nikakaa chini kwenye mkeka na jasho langu la sokoni.

Baba akaniona. Uso wake ukafunguka. "Aol! Umefika? Sikiliza, mwanangu. Leo msichana huyu anasoma vizuri sana."

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Namsikia."

Sijui niliyatoa wapi maneno yale. Tulikaa hivyo mpaka picha za mpira zikaisha. Walipoondoka, Dawudi alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, Afande. Bila wewe tusingejua kitu." Hakuwa anatania. Nilimwona machozi.

Baba alipoingia kulala nilibaki na Mama tunakunja mikeka. Nikamwuliza kwa nini hawakumwambia mwanzoni kabisa.

"Aliwasha, akaanza. Angeambiwaje?" Mama akaketi. Mama yangu anaitwa Rukiah, ni mwanamke wa Bombo, haongei akizunguka. "Wewe ulikuwa unatazama masikio yake. Mimi nilikuwa natazama miguu. Lile sanduku la Akram lilikuwa linapiga sakafu. Alikuwa anavua ndara anaweka nyayo kwenye saruji. Ngoma ikipiga anajua habari imeanza. Ikinyamaza, ananyamaza. Mwanamume akisema anamsikia kwa kisigino. Alikuwa anajua lini aanze na lini aache, Aol. Wewe ukaiweka yako juu ya mkeka, ukaifunga mdomo."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa na furaha sana ya kumsaidia."

Nikalia hapo hapo, na kilichonikera zaidi ni kwamba sikukosea. Hilo ndilo lisilo na dawa. Kila alichosema Yasiin kilikuwa sawa: katikati kwa maneno, besi ndogo kwa chumba kidogo, mbali na kona. Nilichagua sauti bora kabisa kwa sebule ile, kwa ajili ya mtu ambaye sauti hazimfikii tena.

Kesho yake nilirudi mapema. Nikaing'oa sabufa mbele, nikaisukuma mpaka kwenye kona, ubavuni mwa kiti cha Baba. Mkeka nikautoa, ikakaa kwenye saruji tupu. Nikaipandisha mpaka mwisho. Kitufe cha sauti za watu nikakizima. Halafu nikafanya jambo ambalo Yasiin angelia kuliona: ubao wenyewe nikauchukua pale wazi, nikauingiza ndani ya kabati, nyuma ya vikombe vya Mama. Nikaenda kwa Bushira kumwomba radhi ya ukuta. Akasema, "Ukuta si kitu. Piga tu."

Jioni wakaja, wakavua viatu. Nikawasha mwenyewe, nikahakikisha imetoka kwenye bluetooth. Ngoma ya ufunguzi ikapiga, vikombe vikagongana. Sabufa yangu haikuwa jitu kama ile ya Akram, lakini kona iliisaidia, nami niliihisi sakafu ikipumua chini ya mkeka. Msomaji akaanza kusema, na maneno yake yakawa uji.

Baba alivua ndara. Akaweka nyayo zake chini, moja, halafu nyingine, akazituliza pale. Mabega yake yakashuka.

"Aol," akasema, "leo umeiweka sawasawa. Sikia maneno yanavyotoka!"

Nilimwangalia Mama. Mama aliangalia kawa zake ukutani.

Mzee Dawudi akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasogea mbele, akakunja uso. "Afande, huyu anasema nini? Mimi sisikii hata neno."

"Tulia, Dawudi," Baba akamwambia kwa upole, macho kwenye kioo, nyayo kwenye saruji. "Akimaliza nitakueleza."